Bei ya ndugu na bei ya mtu baki: hati ambazo kampuni inayouza kwa kampuni dada ng'ambo inapaswa kuwa nazo

Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyoandaliwa kwa wenye kampuni, wahasibu na wakazi wa Naivasha na maeneo ya jirani. Kampuni inayoelezwa ni ya mfano na hesabu zake ni za mfano. Sheria zinazotajwa ni za Kenya.



Kando ya Ziwa Naivasha kuna kampuni ya maua. Si kubwa sana wala si ndogo. Kwa mwaka inauza mashina milioni 30 ya waridi. Asilimia 60 ya hisa zake zinamilikiwa na kampuni mama iliyoko Uholanzi, na kampuni mama hiyo hiyo inamiliki kampuni nyingine ya biashara karibu na mnada wa maua wa Aalsmeer. Kwa hivyo shamba la Naivasha na duka la Uholanzi ni watoto wa mama mmoja. Kati ya mashina yale milioni 30, milioni 24 yanauzwa kwa kampuni dada huyo kwa senti 14 za yuro kila shina, bei ya kiwanja cha ndege cha Nairobi kabla ya nauli. Yaliyobaki, milioni 6, yananunuliwa na watu baki, na mkubwa kati yao ni mnunuzi wa Uingereza anayelipa senti 16.

Siku moja barua inaingia kutoka kwa Mamlaka ya Ushuru nchini, KRA. Haimtuhumu mtu. Inaomba hati zinazoonyesha jinsi bei ya senti 14 ilivyofikiwa. Mhasibu mkuu anamwendea meneja wa mauzo.

"Meneja, hii bei ya senti 14 ilitoka wapi?"

"Ilitoka Uholanzi, mama. Walituandikia barua pepe."

"Barua pepe ilisema kwa nini ni 14 na si 15?"

"Ilisema tu ni 14 kuanzia Januari."

Hapo ndipo penye shida yote. Bei yenyewe huenda ni ya haki. Lakini hakuna karatasi hata moja inayosema hivyo, na mwaka umekwisha.

Kwanza, kwa nini serikali inajali bei ambayo ndugu wawili wamekubaliana? Jambo hili huitwa bei za uhamisho, yaani bei ambazo kampuni zenye uhusiano hutozana zinapouziana bidhaa, kupeana huduma, kukopeshana au kutumia jina la biashara la mwenzake. Watu baki wakiuziana, kila mmoja anavuta upande wake na bei inatulia mahali fulani. Ndugu wakiuziana hakuna anayevuta, kwa sababu faida yote mwishowe inaingia nyumba moja. Shamba likiuza kwa bei ya chini, faida inatoka Kenya na kutokea Uholanzi, na ushuru unaifuata huko.

Kifungu cha 18(3) cha Sheria ya Ushuru wa Mapato kinasema kwamba biashara kati ya mkazi wa Kenya na mtu wa nje mwenye uhusiano naye ikileta faida ndogo kuliko ile ambayo ingepatikana bila uhusiano huo, basi faida itahesabiwa kana kwamba wawili hao ni watu baki. Sheria haisemi kwamba kampuni imeiba. Inasema tu kwamba hesabu itafanywa upya kwa bei ya mtu baki.

Na uhusiano si wa hisa peke yake. Mtu au kampuni ikishiriki katika usimamizi, udhibiti au mtaji wa nyingine, moja kwa moja au kwa kupitia mwingine, hizo zina uhusiano. Vilevile sheria inawataja watu binafsi walio na nasaba ya damu au ya ndoa. Mfanyabiashara wa Nakuru anayemuuzia parachichi kaka yake mwenye kampuni Dubai yumo ndani ya sheria hii, na pia yule anayemuuzia shemeji yake. Wengi wanaposikia habari hizi hudhani ni za mashirika makubwa ya kimataifa tu. Yapo kweli matakwa ya makundi makubwa: ripoti ya kila nchi, ambayo inahusu makundi yenye mauzo ya jumla ya shilingi bilioni 95 au zaidi kwa mwaka. Shamba letu la mfano halikaribii hapo. Lakini kanuni za bei za uhamisho za mwaka 2006 hazikuweka kiwango cha chini cha mauzo. Kampuni ya wastani imo.

Kanuni hizo zilitokana na kesi, na kesi hiyo inafaa kujulikana. Kampuni ya Unilever Kenya ilikuwa ikitengeneza bidhaa na kuziuzia Unilever Uganda, kampuni yenye uhusiano nayo. Watoza ushuru waliona kwamba bei za kwenda Uganda zilikuwa chini ya zile walizotozwa wanunuzi wengine, wakadai ushuru zaidi. Kampuni ikaenda Mahakama Kuu ikisema imefuata mwongozo wa OECD, shirika la nchi zilizoendelea kiuchumi, ambao unaeleza njia za kupima bei ya mtu baki. Mwaka 2005 Jaji Alnashir Visram aliamua upande wa kampuni. Sheria ya Kenya ilidai bei ya mtu baki lakini haikueleza itapimwaje, na mahakama haikuona sababu ya kuukataa mwongozo ambao nchi nyingine zinautumia. Mwaka uliofuata serikali ikatoa kanuni zake, na zikaanza kutumika tarehe 1 Julai 2006.

Kanuni ya 9 ndiyo inayotaja hati. Kamishna anaweza kuomba kuona njia ya bei iliyochaguliwa na sababu za kuichagua. Jinsi njia hiyo ilivyotumiwa, pamoja na mahesabu na marekebisho yaliyofanywa. Muundo wa kundi zima la kampuni duniani. Maelezo ya biashara yenyewe inayochunguzwa. Na dhana, mikakati na sera zilizoongoza uchaguzi. Kisha kuna maneno machache ambayo watu huyaruka. Hati hizo ziwe zimeandikwa kwa Kiingereza, au kutafsiriwa kwa Kiingereza, wakati ule ule bei inapofikiwa. Mkataba ulioandikwa Kiholanzi na kufungiwa kabatini hautoshi. (Kiswahili nacho hakitajwi, ingawa ni lugha rasmi ya nchi. Hilo ni la mjadala wa siku nyingine.)

Neno la kushika hapo ni "wakati". Hati inayotakiwa ni kumbukumbu ya uamuzi. Ni kama daftari la zahanati: muuguzi anaandika joto la mgonjwa anapolipima, haandiki wiki mbili baadaye kwa kukisia. Faili inayoandikwa baada ya barua ya KRA kufika huwa inajitambulisha yenyewe. Takwimu zake za soko ni za mwaka ambao bei ilikuwa imeshatumika, na maneno yake yanatetea badala ya kueleza. Wakaguzi wameziona nyingi.

Tuirudie kampuni yetu. Mhasibu anaketi na meneja wa mauzo na meneja wa banda la kupakia, na wanaanza kazi ambayo ingefaa kufanywa mwaka uliopita. Hawaanzi na bei. Wanaanza na swali la nani anafanya nini, nani anamiliki nini, na nani anaumia mambo yakiharibika. Hii ndiyo sehemu ya faili ambayo kampuni nyingi huipitia haraka, na ndiyo iliyo na uzito kuliko zote, kwa sababu anayefanya kazi nyingi na kubeba hatari nyingi ndiye anayestahili faida kubwa.

Shamba linapanda, linamwagilia, linakata, linapanga kwa urefu, linapoza na kufikisha maua kiwanja cha ndege. Kampuni dada inalipa nauli ya ndege, inapokea mzigo, inatafuta wanunuzi na kupeleka mengine mnadani. Mkataba unasema kwamba maua yakishapakiwa Nairobi, hasara yoyote ni ya kampuni dada. Mhasibu anaandika hivyo. Kisha meneja wa banda anakohoa kidogo na kusema kwamba mwezi Julai, mzigo ulipofika umenyauka, shamba lilirudisha sehemu ya pesa. Vitabuni kuna hati kumi na moja za kupunguza deni kwa mwaka huo, zote za kampuni dada, na zote kwa sababu ya maua yaliyoharibika baada ya kuondoka Nairobi.

Basi mkataba unasema jambo moja na vitabu vinasema jingine. Mkaguzi atafuata vitabu. Ikiwa shamba ndilo lililobeba hasara ya safari, basi lilistahili bei ya juu zaidi ya ile ya muuzaji anayemaliza kazi yake Nairobi. Kampuni ina njia mbili: kuuheshimu mkataba na kuacha kurudisha pesa, au kubadilisha mkataba na bei pamoja. Shamba letu lilichagua la kwanza, likadai pesa zile kutoka kwa kampuni dada, na likaandika barua ya kueleza kosa. Barua hiyo imo kwenye faili.

Baada ya hapo ndipo njia ya bei inachaguliwa. Kanuni zinatambua njia tano: kulinganisha bei na ile ya mtu baki, kuanza na bei ya mwisho ya kuuzia na kutoa faida ya haki ya muuzaji, kuanza na gharama na kuongeza faida ya haki, kugawana faida ya pamoja, na kulinganisha faida halisi ya kampuni na ile ya kampuni huru za aina yake. Nyingine yoyote inahitaji kibali cha Kamishna. Faili lazima iseme kwa nini iliyochaguliwa inafaa na kwa nini nyingine ziliachwa. Sentensi mbili za kweli kwa kila njia zinatosha.

Kwa shamba letu, kulinganisha bei kuna mvuto, kwa sababu kampuni yenyewe inamuuzia mtu baki waridi. Mlinganisho wa ndani namna hii una nguvu kuliko wa kutafutwa nje. Pia upo mnada wa Aalsmeer, ambako saa ya mnada inaanza na bei ya juu na kushuka mpaka mnunuzi wa kwanza abonyeze kitufe. Bei hizo ni za watu baki halisi. Lakini ni bei za Uholanzi, siyo za Nairobi. Lazima zitolewe nauli, gharama za kupokea na ada ya mnada, na zinapanda na kushuka kila siku. Wiki ya kabla ya Siku ya Wapendanao si sawa na wiki ya Agosti. Kwa hivyo mhasibu alizitumia kama kipimo cha pembeni tu, na aliandika hivyo.

Sasa hesabu. Mkaguzi wa KRA akitazama juu juu ataona hivi: mtu baki analipa senti 16, ndugu analipa senti 14. Tofauti ni senti 2. Zidisha kwa mashina milioni 24, ni yuro 480,000. Yuro moja ikiwa shilingi 150, hiyo ni shilingi milioni 72 za faida zilizokosekana Kenya kwa mwaka mmoja. Ushuru wa kampuni wa asilimia 30 juu yake ni shilingi milioni 21.6. KRA kwa kawaida inaweza kurudi nyuma miaka mitano, na hapo deni linafika shilingi milioni 108, kabla ya riba ya asilimia 1 kwa kila mwezi na adhabu ya asilimia 5 ya kuchelewa kulipa. Kwa kampuni ya ukubwa huu, hizo ni pesa za kufunga banda moja la kupakia, pamoja na kazi za walio ndani yake. Na kampuni dada ilishalipa ushuru Uholanzi juu ya faida ile ile, kwa hivyo nyumba nzima huenda ikalipa mara mbili.

Lakini je, waridi la Uingereza na waridi la Uholanzi ni kitu kimoja? Meneja wa banda anajua kwamba sivyo. Mnunuzi wa Uingereza anachukua shina la sentimita 60, lililofungwa shada la mashina kumi, na karatasi yenye lebo. Kampuni dada inachukua shina la sentimita 50 bila kufungwa shada. Kila tofauti inaweza kupimwa, na kupima ndiko kunakofanya faili iwe faili.

Tofauti ya urefu: kampuni inauza masanduku machache kwa mnunuzi mmoja wa Ghuba ambaye si ndugu, na yeye huchukua urefu wote wawili. Bei zake haziwezi kulinganishwa moja kwa moja na za Uholanzi, kwa maana soko ni jingine na mzigo ni mdogo. Hata hivyo ankara zake za mwaka mzima zinaonyesha kwamba shina la sentimita 60 linamzidi la sentimita 50 kwa senti 1. Hiyo ndiyo thamani ya urefu kwa mtu baki, na ankara kumi na mbili, moja kwa kila mwezi, zinawekwa kwenye faili.

Tofauti ya kufunga: karatasi, lebo, mpira na mishahara ya wanaofunga vinagharimu shilingi 7 na senti 50 kwa shada, yaani senti 75 za shilingi kwa shina, ambayo ni nusu senti ya yuro. Ankara za karatasi na orodha ya mishahara ya banda vinaingia kwenye faili.

Imebaki nusu senti. Meneja wa mauzo anasema hiyo ni punguzo la wingi, kwa sababu kampuni dada inachukua asilimia 80 ya maua yote. Hoja hii ina mantiki, na sokoni kila mtu anajua kwamba anayenunua gunia hupata nafuu kuliko anayenunua kilo. Mhasibu anauliza: kuna mtu baki yeyote ambaye kampuni hii imewahi kumpa punguzo la wingi? Hakuna. Kuna barua yoyote ya wakati huo inayotaja punguzo? Hakuna. Kisha anafungua daftari la wadaiwa. Mnunuzi wa Uingereza analipa baada ya siku 30. Kampuni dada inalipa baada ya siku 90. Anayechelewa kulipa miezi miwili zaidi, kwa mtu baki, angetozwa zaidi, si kidogo. Hoja ya wingi ikafa palepale.

Basi bei ya mtu baki ni senti 14 na nusu. Nusu senti mara mashina milioni 24 ni yuro 120,000, yaani shilingi milioni 18, na ushuru wake ni shilingi milioni 5.4. Kampuni iliongeza milioni 18 hizo kwenye hesabu ya faida inayotozwa ushuru kwa mwaka ule, kabla ya kuwasilisha taarifa yake, na ikabadilisha bei ya kuendelea mbele. Muda wa malipo nao ukashushwa hadi siku 30. Anayesema kwamba faili kama hii ni ya kukwepa ushuru hajaisoma. Imeifanya kampuni ilipe milioni 5.4. Na anayesema ni ya kuisaidia serikali peke yake hajaisoma pia. Bila ushahidi wa urefu na wa shada, dai lingekuwa milioni 21.6, na kampuni isingekuwa na la kujibu. Chini ya Sheria ya Taratibu za Ushuru, mzigo wa kuthibitisha kwamba makadirio ya KRA si sahihi uko kwa mlipa ushuru.

Je, na kampuni isiyo na mnunuzi baki hata mmoja? Hapo kazi ni ngumu zaidi. Mara nyingi hutumiwa ile njia ya faida halisi: inachaguliwa kampuni yenye kazi nyepesi kati ya hizo mbili, kwa mfano dada wa Uholanzi anayepokea na kuuza tu, na faida yake inalinganishwa na ya wauzaji huru wa aina hiyo. Takwimu za kampuni huru hununuliwa kutoka hifadhi za hesabu za kampuni. Za Afrika Mashariki ni chache, kwa sababu kampuni nyingi za hapa hazilazimiki kutangaza hesabu zake kwa umma, na washauri huishia kutumia kampuni za Ulaya au Asia. Hilo linakubalika likielezwa. Lisipoelezwa kwa nini muuzaji wa maua wa nchi nyingine anafanana na huyu, ndipo mkaguzi anapoanza kuchora mistari mekundu.

Jambo la pili lililomo kwenye vitabu vya shamba letu si maua. Kila mwaka kampuni mama hutoza ada ya usimamizi, asilimia 3 ya mauzo yote. Mauzo yakiwa karibu shilingi milioni 650, ada ni karibu milioni 19 na nusu. Ankara ina mstari mmoja: huduma za usimamizi.

Swali la mtu baki hapa ni jepesi kuuliza na gumu kujibu. Je, kampuni huru ingekubali kulipia huduma hii, na kwa bei hii? Mhasibu alipouliza ni huduma zipi, ilijulikana kwamba mtaalamu wa wadudu alikuja Naivasha mara tatu, wiki moja kila mara. Mfumo wa kompyuta wa kufuatilia mizigo unaendeshwa kutoka Uholanzi. Na wakurugenzi wa kampuni mama hukutana kila robo mwaka kusoma ripoti za shamba. Mbili za kwanza ni huduma. Ripoti za mtaalamu zipo, tarehe za safari zipo, na gharama ya mfumo inaweza kugawanywa kwa idadi ya wanaoutumia. Ya tatu siyo. Mwenye hisa anayesoma ripoti za mali yake anajihudumia mwenyewe, na shamba halipaswi kumlipa kwa hilo.

Tena asilimia ya mauzo yenyewe inatia shaka. Mwaka wa bei nzuri ada inapanda, ingawa mtaalamu alikuja mara zile zile tatu. Njia inayoeleweka zaidi ni gharama halisi ya huduma, pamoja na faida kidogo iliyoelezwa. Ada ya mstari mmoja ni mahali ambapo wakaguzi hupenda kuanzia, maana haihitaji takwimu za soko kuiangusha. Wanauliza tu: mlipata nini?

Faili yenyewe ikikamilika haina haja ya kuwa kubwa. Ya shamba letu ina mchoro wa kundi unaoonyesha nani anamiliki nani. Mikataba yote, pamoja na tafsiri ya ule wa Kiholanzi. Maelezo ya kazi na hatari. Hesabu ile ya senti 16 kushuka hadi 14 na nusu, na ankara zake. Maelezo ya ada ya usimamizi na ripoti za mtaalamu. Na ukurasa mmoja wa sera unaosema bei ya kampuni dada itawekwaje na nani ataidhinisha. Sheria inataka kumbukumbu za ushuru zihifadhiwe kwa miaka mitano.

Makosa yanayoiharibu faili kama hii ni ya kawaida mno. La kwanza ni kunakili sera ya kampuni mama neno kwa neno. Imewahi kutokea sera ya kampuni ya Kenya ikabaki na jina la nchi nyingine ndani yake. La pili ni sera kusema bei ni gharama na asilimia 8 huku vitabu vikionyesha asilimia 2. La tatu ni bei iliyo kwenye hati za forodha kutofautiana na iliyo kwenye ankara. Idara ya forodha na ile ya ushuru wa ndani ziko chini ya mamlaka moja, na karatasi zao hukutana.

KRA ikiitazama faili na bado isikubaliane, inatoa makadirio yake. Kampuni ina siku 30 za kuwasilisha pingamizi kwa maandishi, ikieleza inapinga nini na kwa sababu zipi, na kuambatanisha hati zake. Kamishna ana siku 60 za kuamua. Asiyeridhika ana siku 30 nyingine za kwenda Jopo la Rufaa za Ushuru, na baadaye Mahakama Kuu. Siku 30 za kwanza hazitoshi kabisa kuanza kutafuta ankara za miaka mitatu iliyopita.

Wapo wakazi watakaouliza kaunti inahusikaje. Kaunti haitozi ushuru wa mapato na haikagui bei hizi. Yake ni kodi za ardhi, leseni za biashara, maegesho na ada nyingine. Lakini kifungu cha 203 cha Katiba kinataka kaunti zote kwa pamoja zipate si chini ya asilimia 15 ya mapato ya serikali ya kitaifa, yakihesabiwa kwa hesabu za karibuni zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Nusu senti ya waridi inayobaki Uholanzi haifiki kwenye hesabu hiyo.

Kampuni yetu ya mfano sasa huweka bei ya mwaka ujao mwezi wa Novemba. Barua pepe ya Uholanzi bado huja, lakini siku hizi hujibiwa kwanza. Mhasibu huchukua ankara za mnunuzi wa Uingereza na za yule wa Ghuba, huhesabu upya tofauti ya urefu na ya shada, na kuandika ukurasa mmoja wenye tarehe. Meneja wa mauzo na mkurugenzi huutia sahihi kabla ya mzigo wa kwanza wa Januari kupanda lori la kwenda Nairobi.